Sabalkheri Mpwa Wangu, Leo ni Mstari wa 14

Kila siku ya kazi, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, nikishasali alfajiri na kabla sijaketi kunywa chai, humwandikia mpwa wangu ujumbe mmoja wa wasapu. Yeye anakaa Likoni kwa mamake, ambaye ni dada yangu, na anatafuta kazi ya ukarani wa nyaraka katika kampuni za kliaringi, zile zinazowatolea watu mizigo bandarini Kilindini. Mimi ninakaa Tudor, na kwa miaka kumi na mmoja nimefanya kazi ya mapokezi na masijala katika ofisi moja ya aina hiyo hapa kisiwani Mombasa. Shughuli ya kutafuta kazi ninaijua kutoka upande wa ndani wa dirisha, kwa kuwa mimi ndiye ninayepokea bahasha, ninayezigonga muhuri wa tarehe na ninayeinua simu mtu anapopiga kuuliza maombi yake yamefikia wapi. Hata hivyo, ujuzi huo wote haukunizuia kuanza vibaya.

Kwa wiki tatu za mwanzo nilikuwa nikimwandikia maneno ya aina hii: «Sabalkheri. Mvumilivu hula mbivu. Leo ndiyo siku yako, usikate tamaa, Mola yuko nawe.» Mara nyingine nilibadilisha methali, mara nyingine niliongeza picha ya jua likichomoza baharini. Mwanzoni alinijibu kwa shukrani, kisha kwa alama ya mikono iliyounganishwa, kisha zikabaki zile alama mbili za buluu zinazoonyesha kwamba mtu amesoma. Jumamosi moja nilikwenda kwa dada, tukala mahamri na mbaazi, na mamake alipoingia jikoni, mpwa wangu akaniambia kwa sauti ya chini: «Mjomba, usinione sina adabu. Ujumbe wako ukinifikia asubuhi, ndipo mimi hukumbuka kuwa sina kazi. Lau ungekuwa waniambia la kufanya, ningelifanya.»

Nilimwuliza ametuma maombi mangapi. Akasema ni mengi, kama arubaini. Nilipomwomba aniorodheshee alikotuma, alikumbuka kumi na moja. Nilipomwuliza ni wangapi kati ya hao aliowapigia simu kufuatilia, aliniangalia kama niliyemwuliza idadi ya nyota. Hapo nilielewa kwamba kosa lilikuwa langu zaidi kuliko lake, kwa sababu nilikuwa nikimtumia maneno ya kumtia moyo bila kujua siku yake ina nini ndani. Ujumbe ule ungeweza kumfaa mgonjwa, mwanafunzi wa mtihani au mtu aliyeachwa na mchumba, na ujumbe unaomfaa kila mtu haumwambii mtu yeyote ainuke kitandani aende wapi.

Jumatatu yake tulinunua kauntabuku moja ngumu. Tuliichora kurasa kwa rula, na kila ombi likapewa mstari wake na nambari yake. Katika mstari huo huandikwa jina la kampuni na kazi iliyotangazwa, mahali alipoliona tangazo, siku aliyotuma, siku ambayo tangazo linafungwa, kile hasa alichotuma, jina la mtu aliyepokea, siku ya kufuatilia, na mwisho nafasi pana ya jibu. Nafasi mbili watu huziona kuwa ni za ziada, nazo ndizo zilizotufaa kuliko nyingine zote. Ya kwanza ni ile ya alichotuma, kwa kuwa mpwa wangu ana wasifu wa aina mbili, mmoja wa kazi za nyaraka za forodha na mwingine wa ukarani wa kawaida, na bila kuandika hawezi kujua baada ya wiki mbili ni upi ulikwenda wapi. Ya pili ni jina la aliyepokea, hata kama ni la bawabu tu.

Tulikubaliana kwamba kila usiku, kabla ya saa tatu, atanipigia picha ukurasa wa siku hiyo. Mimi huusoma asubuhi, na ujumbe wangu hutoka humo na si mahali pengine. Una mambo matatu basi: kilichofanyika jana kwa nambari yake, mstari ambao siku yake ya kufuatiliwa imefika leo, na kazi ya kwanza ya siku pamoja na saa yake. Hauzidi mistari mitano ya simu. Tulikubaliana pia juu ya jambo ambalo sitaliuliza kamwe, nalo ni kama amepigiwa simu. Kupigiwa simu hakumo mikononi mwake. Kutuma na kufuatilia kumo, na asubuhi ni wakati wa kuzungumzia yale tu ambayo mtu anaweza kuyafanya kwa miguu na mikono yake kabla ya adhuhuri.

Nitaeleza mstari mmoja kwa ukamilifu, wa 14, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu.

Mwezi wa Julai kampuni moja yenye ofisi karibu na Moi Avenue ilibandika tangazo la karani wa nyaraka. Mpwa wangu alipeleka bahasha kwa mkono siku ya Ijumaa tarehe 4, na tangazo lilikuwa likifungwa Ijumaa iliyofuata, tarehe 11. Yeye alitaka kupiga simu Jumatatu tarehe 7. Nikamwambia angoje, na sababu niliijua kutokana na meza yangu mwenyewe. Ofisini kwetu maombi yanapoingia hugongwa muhuri na kutiwa ndani ya boksi-faili, na boksi hilo hakuna anayelifungua kabla ya siku ya kufunga. Anayepiga simu kabla ya hapo hupewa jibu moja tu, kwamba bado, na jibu hilo humvunja moyo ingawa halina maana yoyote. Siku ya kufunga ikipita, faili huchukuliwa na meneja wa shughuli, ambaye ana meli zinazoingia na makontena yanayokula gharama za kukaa yadini, kwa hiyo hulisoma anapopata nafasi, kwa kawaida ndani ya wiki moja hivi. Simu inayofaa ni ile inayopigwa wakati faili liko mezani mwake limefunguliwa.

Kwa hiyo kanuni yetu ni kuhesabu siku saba za kazi kuanzia siku ya kufunga, na wala si kuanzia siku ya kutuma. Kutoka Ijumaa tarehe 11, Jumatatu tarehe 14 ni ya kwanza, Ijumaa tarehe 18 ni ya tano, na Jumanne tarehe 22 ni ya saba. Ikiwa hakuna jibu, hufuatilia mara ya pili baada ya siku saba nyingine za kazi, yaani Alhamisi tarehe 31, na baada ya hapo mstari hufungwa. Tangazo lisilo na siku ya kufunga huhesabiwa kuanzia siku bahasha ilipopokelewa. Siwezi kudai kwamba saba ni hesabu takatifu, kwani kuna ofisi zinazoajiri kwa siku mbili na nyingine huchukua miezi, lakini mtu aliyeandika siku ya kufuatilia hulala usiku bila kujiuliza kama apige au asipige.

Asubuhi ya tarehe 22 nilimwandikia hivi: «Sabalkheri mpwa wangu. Jana mistari miwili mipya, wa 21 na wa 22, yote imejazwa vizuri. Leo ni siku ya mstari wa 14. Piga saa nne na nusu, uliza kama mchujo umekwisha, na uandike jina la atakayekujibu. Kabla ya hapo usifungue matangazo.»

Saa nne na nusu haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Ofisi za kliaringi asubuhi na mapema huwa kama soko la Kongowea, kwani madereva wanataka karatasi, wateja wanauliza mizigo yao na makarani wanakimbilia ofisi za forodha. Baada ya saa nne dirisha hutulia kidogo, na ikifika saa sita watu huanza kufikiria chakula na sala. Ijumaa hatupigi simu kabisa baada ya saa tano.

Maneno yenyewe tuliyafanyia mazoezi. Wengi wanaonipigia husema, «Naulizia kuhusu ile kazi,» na mimi, Mungu anisamehe, huwajibu kwamba tutawapigia, kwa sababu swali lao halinipi mlango wa kujibu kitu kingine. Mpwa wangu alisema jina lake, akataja kazi, akasema kwamba alileta bahasha kwa mkono tarehe 4 na kwamba tangazo lilifungwa tarehe 11, kisha akauliza jambo moja linalojibika kwa ndiyo au la: je, mchujo umekwisha? Mtu wa mapokezi hana mamlaka ya kusema nani ataajiriwa, lakini kujua kama mchujo umekwisha anaweza, na tarehe mbili zilizotajwa humwezesha kulifikia faili bila kutafuta sana.

Aliyejibu alisema kwamba mchujo unafanywa wiki hiyo hiyo. Kisha, kwa kuwa alikuwa na faili mbele yake, akauliza mbona hakuna nakala ya cheti cha EACFFPC, kile cha mafunzo ya mawakala wa forodha wa Afrika Mashariki. Mpwa wangu cheti anacho. Alipoangalia mstari wa 14, nafasi ya alichotuma ilimwonyesha jibu: «wasifu wa pili». Alikuwa amepeleka ule wa ukarani wa kawaida, ambao haukuambatanishwa na cheti. Saa nane mchana nakala ilikuwa imefika dirishani kwao, na tarehe 28 aliitwa kwa usaili.

Hakuipata kazi. Walimchukua mtu aliyekwisha kuingiza matamko ya forodha kwa mikono yake katika mfumo wa iCMS wa Mamlaka ya Mapato, na walimwambia hivyo waziwazi alipopiga simu tarehe 31. Jioni ile hakupiga picha ya ukurasa. Alinitumia neno moja tu, «Wamekataa.»

Ujumbe wa asubuhi iliyofuata ndio ulionichukua muda mrefu kuliko wote niliowahi kuandika. Niliufuta mara nne. Kila mara nilijikuta nikirudi kwenye methali, kwa sababu methali humkinga mwandishi asitazame jambo lenyewe. Mwishowe niliandika: «Sabalkheri. Mstari wa 14 umefungwa, na una jibu kamili: iCMS. Uandike kwa wino. Leo hakuna ombi jipya. Saa tatu mpigie yule rafiki yako wa Shimanzi, umwulize kama ofisini kwao wanaruhusu mtu akae kando ya karani siku mbili atazame.» Nilimpunguzia kazi ya siku ile kwa makusudi. Siku ya kwanza baada ya kukataliwa, maombi anayotuma mtu huwa na hasira au huwa na unyonge, na msomaji wa barua huvinusa vyote viwili.

Hapo ndipo nafasi ile pana ya jibu inapolipa. Kimya kikirudiwa mara ishirini humfundisha mtu kwamba yeye hafai, ilhali neno moja lililoandikwa humfundisha pengo liko wapi. Katika mistari yetu 36 ya wiki sita za kwanza, «iCMS» limeandikwa mara tatu na watu watatu wasiojuana.

Makosa tuliyoyafanya ni mengi, na mawili yalitoka kwangu moja kwa moja. La kwanza lilikuwa kusifu hesabu. Wiki ya pili nilimwandikia kwamba maombi manne kwa siku ni hodari, basi siku iliyofuata akatuma saba, yote usiku mmoja, kutoka saiba moja karibu na stendi ya Likoni. Niliposoma barua zake niliona kwamba mbili zilikuwa na aya moja neno kwa neno, na moja iliyopelekwa kwa kampuni ya Changamwe ilikuwa na jina la kampuni ya Shimanzi. Nambari ilipanda na kazi ikashuka. Tangu siku hiyo ujumbe wangu hutaja ufuatiliaji kwanza, na maombi mapya hayazidi mawili kwa siku. Dalili ya kwamba hesabu imeanza kumtawala mtu ni rahisi kuiona kitabuni: nafasi ya jina la aliyepokea huanza kubaki tupu.

La pili lilikuwa deni. Kuna Jumatano alikosa kutuma chochote kwa sababu bibi yake alilazwa hospitalini, nami Alhamisi nikamwandikia afanye mara mbili ili kufidia. Alhamisi hakufanya hata moja. Nilipaswa kujua, kwani hata mizigo inayorundikana yadini haitolewi kwa kumkemea karani. Sasa siku iliyopotea hupigwa mstari ikaachwa, isipokuwa kama ilikuwa na simu ya kufuatilia, ambayo husogezwa hadi siku inayofuata. Maombi mapya hayasogezwi.

Kuna na suala la nauli, ambalo waandishi wa maneno matamu hulisahau. Kutoka Likoni kwenda kisiwani, mtembea kwa miguu halipi chochote kwenye feri, na kutoka kivukoni anaweza kufika Moi Avenue kwa miguu yake. Lakini Changamwe, Jomvu na Miritini, kuliko na yadi nyingi za makontena, ni matatu kwenda na matatu kurudi, na fedha hizo hutoka kwa mamake anayeuza viazi karai. Kwa hiyo ninapopanga wiki huzikusanya bahasha zote za bara ya Changamwe siku moja, kwa kawaida Jumatano, na za kisiwani huachwa zisambae. Asubuhi ya Jumatano ujumbe huwa na mpangilio wa vituo, kutoka cha mbali hadi cha karibu, ili mtu akichoka awe anaelekea nyumbani. Siku ya Jumanne gharama ni bando tu, kwa kuwa ndiyo siku ambayo jarida la MyGov hutoka na matangazo ya kazi za serikali.

Kazi hizo za serikali tumeziwekea alama yao katika kitabu, herufi «U», maana yake usifuatilie. Matangazo mengi ya umma husema wazi kwamba watakaowasiliana nao ni waliochujwa peke yao, na kwamba kushawishi kwa namna yoyote humwondoa mwombaji mara moja. Simu ambayo kwenye ofisi ya kliaringi ni ishara ya mtu makini, huko inaweza kuhesabiwa kuwa ni ushawishi. Mstari wa namna hiyo hupewa siku ya kufungwa tangu mwanzo, na hauingii katika ujumbe wangu tena mpaka siku hiyo, kwa sababu kumkumbusha mtu jambo asiloweza kulifanyia kitu ni kumtesa.

Na kuna mistari inayofungwa papo hapo. Mmoja ulijibiwa haraka mno, saa mbili baada ya kutuma, na mtu aliyemtaka atume fedha kwa M-Pesa za sare na uchunguzi wa afya kabla ya kuonana naye. Mpwa wangu alikuwa tayari ameanza kumwomba mamake. Kitabu kilimsaidia, kwani nafasi ya mahali alipoliona tangazo ilikuwa na maneno «kundi la wasapu», na nafasi ya jina la aliyepokea haikuwa na kitu. Juu ya gharama halali pia tulijifunza kungoja. Cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi hugharimu shilingi 1,050, na Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022 ili mwajiri asidai vyeti vya aina hiyo kabla hajakusudia kumwandikia mtu mkataba. Waajiri wengine bado huvidai mapema, na ni hiari ya mtu kuamua kama atabishana dirishani au atalipa, lakini ni vyema ajue anachokitoa.

Baada ya wiki sita tulikaa Jumamosi nyingine, tukahesabu. Kati ya mistari 36, 19 ilikuwa ya baruapepe na tovuti, 12 ya bahasha za mkononi, na 5 ilipitia kwa mtu aliyemjua mtu. Tulihesabu jibu lolote, hata la kukataliwa. Zile 19 zilileta majibu 2, zile 12 zilileta 5, na zile 5 zilileta 3. Mpwa wangu alitaka kuacha baruapepe moja kwa moja. Mimi pia nilikaribia kukubali, mpaka tulipotazama nafasi ya jina la aliyepokea. Katika baruapepe 19, kumi na tatu hazikuwa na jina wala simu, kwa hiyo hazikufuatiliwa hata mara moja, ilhali bahasha zote 12 zilifuatiliwa. Huenda tofauti haikutokana na njia ya kutuma bali na simu ya kufuatilia, na kwa mistari michache kiasi hicho hakuna awezaye kuapa. Tulichobadilisha ni kidogo: sasa kabla ya kutuma baruapepe hutafuta nambari ya mapokezi ya ofisi hiyo, huipigia kuuliza kama baruapepe iliyo kwenye tangazo ndiyo inayotumika, na huandika jina la aliyejibu. Asipoipata nambari hiyo, kwa kawaida ombi haliendi.

Neno moja juu ya mwandikaji, kwa sababu kuna wajomba na shangazi wengi wanaotaka kufanya hivi. Ujumbe wa kila asubuhi unaweza kugeuka ukawa karani wa mahudhurio. Wiki ya nne mpwa wangu alianza kuchelewa kunitumia picha, kisha akaanza kunitumia picha zilizojazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, siku tatu kwa mpigo, na mtu wa masijala hadanganyiki kwa jambo hilo. Nilimpigia simu badala ya kuandika. Aliniambia kwamba kila akiona jina langu kwenye simu tumbo humkaza. Tukapunguza: picha hutumwa Jumapili, Jumanne na Alhamisi peke yake, na ujumbe wangu hauhitaji jibu kabisa. Jibu moja tu limeruhusiwa, nalo ni la hiari, neno «Nimevuka», siku anayokuja kisiwani. Nikiliona najua ameshuka kwenye feri, na iliyobaki ni shughuli yake.

Mpaka leo hajapata kazi ya kudumu. Alikaa siku mbili kando ya yule karani wa Shimanzi, kisha wakamwita tena wiki nzima kwa nauli na chakula kwa sababu karani mmoja alikuwa mgonjwa, na wasifu wake wa kwanza sasa una mstari mpya unaotaja iCMS, uliotajwa kwa haki, bila kuongeza chumvi. Kauntabuku imefika mstari wa 52. Iliyo wazi ni saba.

Ujumbe wa leo ulikuwa huu: «Sabalkheri mpwa wangu. Mstari wa 43 ufunge, simu ya pili imepita bila jibu. Leo ni siku ya mstari wa 47, wa Nkrumah Road, saa nne na nusu. Ule wasifu mpya upeleke kwa mkono, usiutume. Mamako ameniambia mvua ilinyesha huko usiku, funga bahasha kwa nailoni.»

Saa mbili na dakika kumi simu ililia mezani pangu, katikati ya madereva wawili waliokuwa wakigombania foleni. Neno lilikuwa lile moja.